Tiketi ya basi la usiku inavyosomwa

Basi linaloondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, jijini Dar es Salaam saa 3:00 usiku hufika Msamvu, Morogoro, tarehe ikiwa imeshabadilika. Abiria aliyepandia Mbezi na yule anayelisubiri Msamvu watakaa ndani ya basi moja, lakini kila mmoja amelipanda siku yake. Tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha nchini Tanzania, hapo ndipo tiketi nyingi zinaposomwa vibaya.

Tuseme abiria wa Msamvu anakwenda Mbeya, na basi linaondoka Mbezi Ijumaa tarehe 14. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni takribani kilomita 190, kwa hiyo basi litatarajiwa Msamvu kama saa 6:30 usiku. Mfumo wa tiketi hutumia saa za tarakimu 24, nao unaweza kuandika safari hiyo kwa namna mbili. Ukifuata mwanzo wa safari, tiketi itaandikwa tarehe 14, 21:00. Ukifuata kituo cha kupandia, itaandikwa tarehe 15, 00:30. Zote mbili ni sahihi, na zote mbili zinaweza kumwacha abiria stendi.

Mwenye tiketi ya tarehe 15, 00:30 ndiye aliye hatarini zaidi. Anaona neno Jumamosi, anafanya shughuli zake mchana kutwa, kisha jioni anafunga begi na kwenda Msamvu. Basi lake limepita usiku uliotangulia. Kwa desturi ya Waswahili wa pwani siku huanza jua linapozama, na usiku wa Jumamosi ni ule unaoitangulia Jumamosi yenyewe. Kwa hesabu hiyo tiketi isingempoteza mtu. Lakini wengi siku hizi wakisema usiku wa Jumamosi wanamaanisha baada ya mchana wake. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala lisitaje jina la usiku. Linalofaa ni hili: "Nikishakula chakula cha jioni Ijumaa, ndiyo nije stendi?" Jibu lake ni ndiyo au hapana, halina njia ya tatu.

Saa nayo ina mtego wake. 06:00 kwenye tiketi ni saa 12 asubuhi, na 18:00 ni saa 12 jioni. Anayesoma 06:00 kama saa sita mchana atakuta basi limeondoka saa sita zilizopita. Njia ya kubadilisha ni kutoa sita: 09:00 ni saa 3 asubuhi, na 21:00 ukitoa sita unapata 15, toa tena 12, ni saa 3 usiku. Saa ya kuripoti, ambayo kwa kawaida hutangulia saa ya kuondoka kwa nusu saa au zaidi, huandikwa kando, na ndiyo ya kufuata.

Saa ya kufika haiaminiki kwa kiasi hicho, ila abiria anaweza kuipima mwenyewe. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwendo unashuka hadi 50. Kutoka Morogoro hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 600. Hata kama basi lisingesimama popote, ni saa nane za mwendo. Ukiongeza vituo, mizani na milima ya Kitonga, ni kumi au zaidi. Aliyepanda saa 6:30 usiku asiahidi kuwa mahakamani Mbeya saa 3 asubuhi. Wakala anayemhakikishia hivyo anauza siti, hauzi muda.

Siti huchaguliwa kwenye mchoro wa basi. Mabasi ya daraja la juu huwa na siti mbili kila upande wa korido, na ya kawaida huwa na mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, kwa hiyo herufi ya dirishani hubadilika kutoka basi moja hadi jingine. Abiria aangalie mchoro, asiangalie herufi peke yake. Kwa safari ya usiku siti za katikati, mbali na tairi za nyuma, hurushwa kidogo zaidi na matuta. Za nyuma kabisa hutikisika, na baadhi hazilali kwa sababu zimeegemea ukuta.

Kuchagua siti si kuipata. Mfumo huishikilia kwa dakika chache tu huku ukisubiri malipo, na humpa abiria namba ya kumbukumbu. Mwenye M-Pesa hupiga *150*00#, huingia kwenye malipo, huandika namba ya kampuni, kisha namba ya kumbukumbu na kiasi. Kabla ya kuweka namba ya siri, asome jina linalojitokeza kwenye kioo. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya kampuni ya basi au ya tiketi, asimamishe malipo hapo hapo, kwa kuwa fedha zikiingia kwenye simu ya mtu, mfumo wa siti hauna habari nazo.

Baada ya malipo zinapaswa kuingia meseji mbili. Ya kwanza hutoka kwa mtandao wa simu na kuthibitisha kwamba fedha zimetoka. Ya pili hutoka kwenye mfumo wa tiketi, ikiwa na jina la abiria, namba ya siti, tarehe na kituo cha kupandia. Hii ya pili ndiyo tiketi. Ikija ya kwanza peke yake, mara nyingi muda wa kushikilia siti uliisha kabla fedha hazijafika, au namba ya kumbukumbu ilikosewa tarakimu. Kulipa tena kutaongeza tatizo juu ya tatizo. Abiria apige simu kwa kampuni akiwa na namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya kwanza, maana hiyo ndiyo inayotafutika pande zote mbili.

Siti moja pia inaweza kuuzwa kwa watu wawili, hasa wakala anapoandika karatasi kwa mkono na kuchelewa kuiingiza kwenye mfumo. Meseji yenye namba ya tiketi na saa ya malipo humsaidia konda kuona nani alitangulia.

Mzigo wa bure unaoandikwa kwenye tiketi nyingi ni kilo 20. Kikomo hicho kina sababu barabarani: mabasi hupimwa kwenye mizani kama ya Wenda, Iringa, na magunia yaliyorundikwa kwenye buti la nyuma huweza kuzidisha uzito wa ekseli ile. Kinachozidi hulipiwa na kupewa risiti yake. Petroli na mitungi ya gesi havipandi.

Begi linaloingia kwenye buti hubandikwa lebo yenye namba, na kipande chake hubaki kwa abiria. Kwa anayepandia Msamvu usiku, utingo akiwa na tochi mdomoni na basi likinguruma, ni rahisi begi kusukumwa ndani bila lebo. Mwenyewe alisubiri hadi ibandikwe. Saa chache baadaye abiria wa Makambako watashuka wakiwa bado na usingizi, na mabegi meusi hufanana. Simu, dawa, fedha na hati havikai kwenye buti. Hupanda na mwenyewe na kukaa miguuni.