Kichwa cha Video Kisiahidi Asichoahidi Shekhe

Nilikuwa Homa Bay kwa mpwa wangu, anayerekodi darsa za msikitini na kuziweka YouTube. Darsa moja ilihusu dua ya mwenye deni. Yeye akaipa kichwa: “Soma mara 7, deni laisha kesho!” Watu walibonyeza kweli, lakini tulipofungua YouTube Studio, mstari wa watazamaji ulikuwa umeporomoka kabla ya nusu dakika. Shekhe hakutaja mara 7 wala kesho, basi waliofuata ahadi hiyo waliondoka. Na YouTube ikiona watu wanatoka mapema, huipendekeza video kwa wachache. Baya zaidi, mama muuza omena wa Migori alimpigia simu kuuliza mbona deni lake lingalipo.

Tulibadilisha kichwa bila kupakia video upya: “Dua ya mwenye deni: maana yake neno kwa neno”. Neno linalotafutwa limetangulia, kwani YouTube huruhusu herufi 100 lakini simu hukata mkia.

Kabla hujachapisha, jiulize: haya niliyoandika yanasemwa dakika ya ngapi? Kama hayasemwi, yafute.