Hakuna Kanuni ya "x Iliyo Chini"

Jumamosi iliyopita, kwenye kipindi cha marudio cha mwaka wa kwanza, kijana mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono akaniuliza: "Dokta, x ikiwa chini, tunashusha kipeo cha juu au cha chini?" Swali hili naulizwa kila muhula, karibu kwa maneno yaleyale. Kwenye daftari lake alikuwa ameshaandika jibu, na majirani zake wawili walikuwa wameshalinakili:

```
y = 1/x²
y' = 1/(2x)
```

Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Anayeuliza amekwisha kuamini kwamba zipo kanuni mbili, moja ya x iliyo juu ya mstari na nyingine ya x iliyo chini, na kwamba kazi yangu ni kumtajia ile ya pili. Haipo. Kanuni ya kipeo inatambua umbo moja tu, yaani x yenye kipeo n. Kipeo kinashuka mbele kuwa kizidisho, kisha kipeo kilichobaki juu kinapunguzwa moja:

```
x^n  →  n·x^(n−1)
```

Itazameni vizuri. Haina mstari wa sehemu wala alama ya kipeuo. Kwa hiyo ukikutana na 1/x² au √x, bado huna kitu cha kuipa kanuni. Andika kwanza x⁻² au x^(1/2), ndipo uanze kudiferenshieti.

Najua wengi mtaniambia kwamba ile njia ya "chini hubaki chini" mlifundishana hosteli, na kwamba mara nyingine inatoa jibu linalofanana na la kitabu. Basi tuipime.

Anza na 1/x. Ukishughulikia x ya chini peke yake, derivativu yake ni 1, nawe utaandika 1/1, yaani 1. Hiyo ni derivativu ya mstari wa y = x, unaopanda hatua moja juu kwa kila hatua moja ya kulia, daima. Sasa chora 1/x kwa x chanya. Kwenye x = 1 una 1, kwenye 2 una nusu, kwenye 10 una moja ya kumi. Inashuka, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo inavyoshuka polepole zaidi. Njia ya hosteli inadai kwamba kitu kinachoshuka kinapanda, tena kwa kasi isiyobadilika.

Njoo kwenye 1/x² ya yule kijana. Pima kwenye x = 5. Pale thamani ni 0.04. Sogea hadi 5.1 na kikokotoo kitakupa takriban 0.03845. Imepungua kwa 0.00155 katika mwendo wa 0.1, kwa hiyo kasi yake ni karibu −0.0155. Jibu la daftari, 1/(2x), linasema 0.1: kubwa zaidi ya mara sita, na la kupanda badala ya kushuka. Jibu sahihi, −2/x³, linatoa −2/125, yaani −0.016. Punguza mwendo kuwa 0.01 nawe utaona kikokotoo kinazidi kulisogelea.

Hapa kuna mtego ninaotaka muuone. Wapo wanaopima kweli, lakini wanapima kwenye x = 2 kwa sababu 2 ni namba rahisi. Pale 1/(2x) ni 0.25, na −2/x³ ni −0.25. Mwanafunzi anaona tarakimu zilezile, anaamua kwamba amesahau tu alama ya kutoa, anaiongeza mbele na kutoka na −1/(2x) akiwa ameridhika. Zimelingana kwa sababu mikunjo ya 1/(2x) na 2/x³ hukutana palepale x inapofika 2. Ukipima, pima kwenye namba mbili tofauti, na mojawapo isiwe 1 wala 2.

Sasa, alama ya kutoa inatoka wapi, na kwa nini kipeo cha chini kinakua badala ya kupungua? Rudini kwenye maana ya derivativu mjionee kwa 1/x. Sogeza x kwa kiasi kidogo h, kisha toa:

```
1/(x+h) − 1/x = (x − (x+h)) / (x(x+h))
              = −h / (x(x+h))
```

Gawa kwa h, kisha iache h ielekee sifuri. Kinachobaki ni −1/x². Alama ya kutoa imezaliwa pale juu, tulipotoa x+h kutoka kwa x, kwa kuwa kigawanyo kikikua sehemu inapungua. Kipeo cha pili kimetokea chini kwa sababu kuweka sehemu mbili kwenye asili moja kulituleta kwenye x mara (x+h), ambayo mwishowe ni x mara x. Mstari wa sehemu ndio uliofanya kazi hiyo yote. Ukidiferenshieti asili peke yake na kuirudisha mahali pake, umefanya kana kwamba mstari haupo.

Andika 1/x kama x⁻¹, na kanuni ileile moja inafanya yote hayo kwa mkupuo. Kipeo −1 kinashuka mbele, na hapo umepata alama ya kutoa. Kisha −1 toa 1 ni −2, na hapo umepata kipeo cha chini kilichokua. Kwa 1/x², −2 inashuka na kipeo kinakuwa −3: −2x⁻³, yaani −2/x³.

Wengi huteleza kwenye hatua hii ya mwisho hata baada ya kuandika upya vizuri. Wanatoa moja kutoka −2 na kupata −1, kwa kuwa wamezoea kuona kipeo "kikipungua" kuwa tarakimu ndogo. Ukiwa na deni la elfu mbili na ukakopa elfu moja nyingine, deni ni elfu tatu. Kipeo hasi kinazidi kwenda chini.

Namna hii ya kuandika vipeo ina umri mrefu. Mwaka 1676, katika barua iliyopitia kwa Henry Oldenburg, katibu wa chama cha wanasayansi cha London, kwenda kwa Leibniz, Isaac Newton alieleza kwamba badala ya alama ya kipeuo cha pili yeye huandika kipeo 1/2, na badala ya 1/a huandika a⁻¹. Alihitaji kanuni moja ya kutanua vipeo ifanye kazi kwa vipeuo na kwa sehemu bila kubadilishwa, na akaona njia ya kuipata ni kuviandika vyote kwa umbo moja. Nawaombeni mfanye kama yeye.

Kwa vipeuo hali ni hiyohiyo. √x ni x^(1/2) kwa sababu x^(1/2) mara x^(1/2) lazima iwe x. Nusu inashuka mbele, na 1/2 toa 1 ni −1/2:

```
√x = x^(1/2)  →  (1/2)·x^(−1/2) = 1/(2√x)
```

Wanaonakili jibu hili kama "fomula ya kipeuo" na kuikariri hukwama wakikutana na kipeuo cha tatu. Aliyeandika x^(1/3) hakwami: anapata (1/3)x^(−2/3) na kuendelea. Kipeuo cha tatu cha x² ni x^(2/3): kipeo cha ndani kinakaa juu, daraja la kipeuo linakaa chini. Anayevibadilisha nafasi anapata x^(3/2), ambayo ni kitu kingine kabisa. Jaribu kwa 8: kipeuo cha tatu cha 64 ni 4, ilhali 8^(3/2) ni zaidi ya 22.

Tufanye swali moja zima, la aina inayowatoa jasho kwenye mtihani:

```
y = (3x² − 2√x + 4) / (x√x)
```

Mtu akilitazama hili anakimbilia kanuni ya mgawanyo na kujaza ukurasa mzima. Msikimbilie. Chini pana kipande kimoja tu: x mara x^(1/2), yaani x^(3/2). Gawa kila kipande cha juu kwa hicho, ukitoa vipeo: 2 toa 3/2 ni 1/2, kisha 1/2 toa 3/2 ni −1, na ile 4 isiyo na x inapata −3/2.

```
y  = 3x^(1/2) − 2x⁻¹ + 4x^(−3/2)
y' = (3/2)x^(−1/2) + 2x⁻² − 6x^(−5/2)
```

Kipande cha kati kimegeuka kuwa chanya kwa sababu −2 imezidishwa kwa −1. Nusu ya makosa ninayosahihisha kwenye swali hili yako hapo. Pima kwenye x = 4: derivativu inatoa 0.75 + 0.125 − 0.1875, yaani 0.6875. Kisha y yenyewe kwenye 4 ni 6, na kwenye 4.1 ni takriban 6.0686. Ongezeko la 0.0686 kwa mwendo wa 0.1 ni kasi ya 0.686. Zinakubaliana.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Namba zenu zishughulikieni kabla ya kipeo: 5/(3x²) ni (5/3)x⁻², ile 3 haipandi juu pamoja na x, na √(4x) ni 2x^(1/2), si 4x^(1/2). Kujumlisha kukiwa chini ya mstari au ndani ya kipeuo, simameni: 1/(x²+x) si x⁻² + x⁻¹, na √(x²+9) si x + 3. Hizo mnaweza kuziandika (x²+x)⁻¹ na (x²+9)^(1/2), lakini kanuni ya kipeo peke yake haitoshi, zinahitaji kanuni ya mnyororo. Jibu kwa vipeo hasi ni jibu kamili, rudisheni kwenye vipeuo na sehemu pale tu swali linapotaka, au mnapoweka namba. Na mkirudisha, kizidisho kilicho juu kibaki juu: −2x⁻³ ni −2/x³, si −1/(2x³). Kwenye sifuri 1/x haina thamani, na √x inayo lakini haina derivativu hapo, kwa hiyo msiweke x = 0 kwenye 1/(2√x).

Yule kijana alifuta mstari wake, akaandika x⁻², akakaa kidogo, kisha akaniuliza kama ile −2 inashuka pamoja na alama yake. Nikamwambia inashuka pamoja na alama yake.