Kutoka Benki ya Maswali hadi Karatasi ya Mwigo: Mgawanyo wa Alama na Muda katika Kiswahili Karatasi ya Pili (102/2)

Utangulizi

Makala hii inafafanua jinsi mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya anavyoweza kutumia maswali ya miaka iliyopita kutunga mtihani wa mwigo wa Karatasi ya Pili ya KCSE. Karatasi hiyo hufanywa kwa saa 2½ na ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimu jamii 10. Hoja ya msingi ni kwamba benki ya maswali haina umbo la mtihani. Mwalimu akichota maswali bila mpango, alama za jumla zitatimia 80, lakini matokeo hayatamwonyesha mtahiniwa udhaifu wake halisi.

Kugawa alama za matumizi ya lugha

Ufahamu, ufupisho na isimu jamii haviletei mtungaji shida kubwa, kwa kuwa kila sehemu huchukuliwa ikiwa nzima. Ugumu umo katika matumizi ya lugha, ambako alama 40 hugawanywa katika maswali mengi mafupi. Benki nyingi hujaa maswali ya kuakifisha, ukubwa na udogo wa nomino, na usemi wa taarifa, kwani hayo ni rahisi kukusanya na kusahihisha. Maswali ya virai, vishazi na uchanganuzi huwa machache.

Kwa hiyo, kabla ya kuteua swali lolote, mwalimu apitie karatasi halisi kadhaa za karibuni, ajumlishe alama, wala si idadi ya maswali, zilizotengewa kila mada, kisha aandae jedwali. Tuchukue mgawanyo huu kama mfano: sauti na silabi 4; viambishi, ngeli na mnyambuliko 12; aina za maneno 6; virai, vishazi na uchanganuzi 9; ubadilishaji wa sentensi 6; maana na uakifishaji 3. Jumla ni 40. Swali huteuliwa kwa kuwa lina nafasi katika jedwali. Nafasi ikijaa, mada hiyo hufungwa hata kama benki ina maswali mengine mazuri.

Kubadilisha swali bila kuharibu alama

Swali ambalo wanafunzi wamekwisha kulifanya darasani hupima kumbukumbu. Linafaa kubadilishwa, ila muundo wake uhifadhiwe. Tuseme benki ina swali la kuchanganua sentensi hii kwa alama 4:

Mkulima aliyevuna mapema ameuza mahindi sokoni.

Badala yake twaweza kutumia:

Mvuvi aliyerudi jana amepeleka samaki mnadani.

Sentensi zote mbili zina nomino inayofuatwa na kishazi tegemezi katika kirai nomino, kisha kitenzi, nomino na kielezi katika kirai tenzi. Mwongozo wa kusahihisha unabaki ule ule. Lakini tukiandika “alikuwa amepeleka samaki na kamba”, tumeongeza kitenzi kisaidizi na kiunganishi. Alama 4 hazitoshi tena kazi hiyo.

Kosa la kinyume ni kufuta 4 na kuandika 3 ili hesabu ikamilike. Mtahiniwa bado atafanya kazi ya alama 4. Alama zikipunguzwa, kazi nayo ipunguzwe, kwa mfano kwa kukiondoa kishazi tegemezi, na mwongozo uandikwe upya.

Kupanga muda

Dakika 150 zikigawanywa kwa alama 80, kila alama hupata chini kidogo ya dakika 2. Hata hivyo, uwiano huo haulingani katika sehemu zote, kwa kuwa ufahamu unadai kusoma na ufupisho unadai nakala chafu. Mpango unaofaa ni dakika 30 za ufahamu, 35 za ufupisho, 60 za matumizi ya lugha, 15 za isimu jamii na 10 za kupitia kazi. Mwalimu ajibu karatasi nzima kwa kalamu kabla ya kuitoa. Akitumia zaidi ya nusu ya muda huo, yeye anayejua majibu, kuna sababu ya kuipunguza, hasa urefu wa vifungu.

Kusoma matokeo

Baada ya kusahihisha, nafasi zilizoachwa wazi zichunguzwe. Zikikusanyika mwishoni, katika isimu jamii, huenda karatasi ilikuwa ndefu au mtahiniwa hakuutawala muda wake. Zikitawanyika katikati huku maswali yanayofuata yakijibiwa, tatizo ni mada. Alama zilinganishwe kwa kila sehemu: mtahiniwa aliyepata 48 kati ya 80 huku akiwa na 18 tu kati ya 40 za matumizi ya lugha anahitaji msaada tofauti na mwenzake aliyepata 48 hizo hizo kwa uwiano ulio sawa katika sehemu zote.

Hitimisho

Utaratibu huu haukadirii gredi ya mwisho, kwani KCSE ina karatasi nyingine mbili za Kiswahili, insha na fasihi. Unachohakikisha ni kwamba alama iliyopotea katika mwigo imepotea mahali ambapo ingepotea katika mtihani wenyewe.