Mwaka mpya, kozi mpya: piga hesabu kabla ya kubonyeza "lipa"

Ikifika wiki ya kwanza ya Januari, simu zinajaa matangazo ya kozi za mtandaoni. Mwaka huu jifunze uchambuzi wa data. Mwaka huu pata kazi ya mtandaoni. Ofa inaisha baada ya saa 11, na saa yenyewe inahesabu kurudi nyuma mbele ya macho yako. Hapa Kisii na Nyamira matangazo hayo yanakuta pochi zimekonda. Bonasi ya majani chai ililipwa Oktoba, Krismasi imepita, shule zinafunguliwa na karo inasubiri. Si bure watu wameuita mwezi huu Njaanuari.

Hatusemi kozi hizo ni mbaya. Nyingi ni nzuri, na cheti chake kinaweza kumsaidia mtu. Ila kwa vile malipo yanapitia kwenye simu yako, tungependa ujue pesa zinavyotoka, kiasi gani, na lini zitatoka tena.

Tuchukue mfano wa kijana anayeendesha saiba pale Keroka, mji ambao nusu yake iko Kisii na nusu Nyamira. Anataka kusoma kwenye Coursera, moja ya tovuti kubwa za kozi. Mpango wake unaofungua kozi nyingi kwa pamoja umekuwa ukiuzwa kwa bei ya kawaida ya dola 59 kwa mwezi, au dola 399 ukilipia mwaka mzima. Bei inaweza kutofautiana kwa nchi na kwa msimu, kwa hivyo ya kuamini ni ile unayoiona kwenye skrini yako. Tuseme ofa ya Januari imeushusha mpango wa mwaka hadi dola 240.

Tangazo halitaandika 240. Litaandika dola 20 kwa mwezi, kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo: "billed annually". Maana yake ni kwamba mwaka mzima unalipwa leo, kwa mpigo mmoja. Dola moja ikiwa karibu shilingi 130, kijana wetu aliyedhani anatoa shilingi 2,600 atakatwa 31,200. Na huenda bado si mwisho. Kenya inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa huduma za mtandaoni zinazouzwa na kampuni za nje. Tovuti nyingine huwa zimeshaiweka ndani ya bei, nyingine huiongeza kwenye ukurasa wa mwisho. Ikiongezwa, 31,200 inakuwa 36,192. Ndiyo maana tunakuambia uache kuangalia bei ya tangazo, uangalie mstari ulioandikwa "Total", kisha uzidishe kwa kiwango cha dola ambacho kadi yako inatumia. Kiwango hicho kwa kawaida huwa juu kidogo ya kile unachosikia kwenye redio.

Sasa, mwezi au mwaka? Watu wengi huona mwaka ni rahisi kwa sababu ya punguzo. Gawanya 240 kwa 59. Unapata nne na kitu kidogo sana. Yaani miezi minne ya kulipa kila mwezi ni dola 236, na mitano ni dola 295. Ukimaliza ndani ya miezi minne, mpango wa mwaka umekula pesa yako bure, hata kama ulikuwa na punguzo. Ukihitaji mitano au zaidi, mwaka ndio nafuu.

Hapo ndipo lazima uwe mkweli kuhusu saa zako. Ukurasa wa kozi ukisema miezi sita kwa saa 10 kila wiki, hiyo ni kama saa 260. Mwenye saiba anafunga saa mbili usiku na stima inapotea mara kwa mara. Tuseme anapata saa tano kwa wiki. Kozi ya miezi sita imekuwa ya mwaka mzima. Kwake yeye, kulipa kila mwezi kutafika dola 708, na ofa ya 240 ni mali kweli. Lakini akiacha Machi, kulipa kila mwezi kungemgharimu dola 177 tu. Kwa hivyo mpango wa mwaka unamfaa mtu anayeenda polepole lakini haachi. Wewe ni yupi? Njia ya kujua ni kusoma mwezi mmoja kwanza, uandike saa zako kwenye daftari. Usiogope ile saa inayohesabu kurudi nyuma. Ofa kama hizi hurudi mara kadhaa kwa mwaka.

Jambo linaloleta malalamiko mengi ni malipo ya kujirudia. Ukiweka kadi yako, umeruhusu tovuti ikate tena bila kukuuliza. Siku saba za bure zinazoanza kwa "Start free trial" zikiisha, mwezi wa kwanza unakatwa. Mwaka wa ofa ukiisha, mara nyingi unaofuata unakatwa kwa bei kamili: dola 399, karibu shilingi 51,870, na ni Januari tena, wakati ndani ya pochi kuna pesa ya karo. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu haijui hii ni ya karo na hii ni ya kozi. Inakata kilichopo.

Kinga yake ni rahisi. Ukishalipa tu, siku hiyo hiyo, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, fungua "My Purchases", tafuta usajili wako, kisha ughairi kujirudia. Hupotezi kitu, kwa sababu utaendelea kusoma hadi muda uliolipia uishe. Ukiwa ulilipa kupitia Play Store, ughairi huko huko Play Store, sehemu ya "Subscriptions". Kufuta programu kwenye simu hakughairi chochote, na hili tunalirudia kila mwaka. Utajua umefaulu ukipata barua pepe ya kuthibitisha, na ukiona tarehe ya mwisho wa usajili badala ya tarehe ya malipo yajayo. Itunze barua pepe hiyo.

Umelipa na umebadili nia? Kwa mpango wa mwaka, Coursera imekuwa ikiruhusu kurudishiwa pesa ndani ya siku 14. Kwa malipo ya mwezi usitegemee hilo. Ombi linaenda kwa tovuti, si kwetu, kwa kuwa sisi hatuwezi kurudisha malipo ambayo wewe mwenyewe umeyaruhusu. Pesa hurudi kwenye kadi ile ile baada ya siku kadhaa, na dola ikiwa imeshuka utapata shilingi pungufu kidogo.

Kabla ya hayo yote, angalia kama unahitaji kulipa bei nzima. Kwenye kurasa za kozi nyingi za Coursera kuna maandishi madogo "Financial aid available". Unajaza fomu ukieleza kipato chako na sababu ya kusoma, unasubiri kama wiki mbili, na ukikubaliwa unapata punguzo kubwa la kozi hiyo pamoja na cheti. Msaada huo hauhusu ule mpango wa kozi zote, ni wa kozi moja moja, kwa hivyo omba ya kwanza sasa. Na kwa anayetaka tu kuanza kazi za mtandaoni, mpango wa serikali wa Ajira Digital, uliozinduliwa 2016, hutoa mafunzo bila malipo. Huko hauhitaji kadi.