Pakeji ya Picha za Harusi: Saa Ngapi, na Wapi?

Kamati ya harusi jijini Dar es Salaam ikiketi kuchagua mpiga picha, kwa kawaida jicho hukimbilia tarakimu ya chini kabisa ya karatasi. Mmoja anataka shilingi 900,000, mwingine 1,300,000. Mjadala huisha kabla soda hazijafunguliwa. Kumbe wa kwanza anauza saa sita na wa pili saa kumi, na hakuna aliyeuliza ratiba ya siku yenyewe ina saa ngapi.

Tuichukue ratiba ya kawaida. Mpiga picha anamkuta bibi harusi saluni saa sita mchana, ibada ni saa nane, picha za ufukweni Kigamboni saa kumi, na maharusi wanaingia ukumbini saa moja usiku ili shughuli ifungwe saa nne. Hizo ni saa kumi. Saa za pakeji huhesabiwa mfululizo: muda wa foleni na wa kusubiri maharusi wapumzike nao umo, kwa kuwa mpiga picha hawezi kuutumia kwa kazi nyingine.

Sasa tupige hesabu, kwa bei za mfano. Yule wa 900,000 anatoza 120,000 kwa kila saa ya ziada. Ratiba inamzidi kwa saa nne, yaani 480,000, na jumla inafika 1,380,000. Wa 1,300,000 haongezi kitu. Halafu maharusi wanachelewa kuingia ukumbini kwa saa moja na nusu, jambo ambalo kila mkazi wa jiji amelishuhudia. Kwa wa kwanza bili inapanda hadi 1,560,000. Wa pili, anayetoza 100,000 kwa saa ya ziada, anaishia 1,450,000. Aliyeonekana nafuu kikaoni amekuwa ghali ukumbini, wala hajamdanganya mtu.

Wateja wengine hushangaa kwamba 900,000 ikigawanywa kwa sita inatoka 150,000, lakini saa ya ziada ni 120,000. Sababu ni kwamba ndani ya pakeji kuna vitu visivyoongezeka saa zikiongezeka: albamu, usanifu wa kurasa zake, vikao vya kupanga kazi. Saa ya ziada inabeba posho ya msaidizi, ujira wa mpiga picha na kazi ya kuchambua na kuhariri picha zilizoongezeka. Hiyo ya mwisho ndiyo isiyoonekana. Saa moja ya ukumbini inaweza kula saa mbili au zaidi mbele ya kompyuta. Mpiga picha anayetoa saa za ziada bure huanza kulipa deni hilo Jumatatu, albamu zinapochelewa.

Ugomvi mwingi hutokea pale muda unapokwisha keki haijakatwa. Bibi harusi hawezi kuitwa pembeni kujadili pesa, na mwenyekiti wa kamati anasema hana habari. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye mkataba: jina la mtu mwenye mamlaka ya kuongeza muda, naye aarifiwe nusu saa kabla. Akikataa, MC bado ana nafasi ya kusogeza mbele keki na shampeni, mpiga picha aondoke na matukio makuu mkononi. Mkataba useme pia kama dakika ishirini zinahesabiwa nusu saa au saa nzima.

Usafiri ni hesabu nyingine, na ni haki ukae peke yake. Ukifichwa ndani ya pakeji, anayefunga ndoa mtaa wa pili anamlipia nauli aliyepeleka harusi mkoani. Ndani ya jiji wengi hawatozi, ila ni vizuri kutaja mpaka, na kutaja nani analipa tozo ya Daraja la Kigamboni.

Mkoani, umbali peke yake haupangi bei. Morogoro iko takriban kilomita 190 kutoka Dar, safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini ukumbi ukifungwa saa sita usiku, watu wawili wenye kamera, lenzi na taa za kukodi hawawezi kubahatisha usafiri. Watalala, watakula, na Jumapili asubuhi itapotea barabarani. Kwa hiyo mstari wa usafiri unapaswa kuonyesha idadi ya watu, nauli ya kwenda na kurudi, usiku wa malazi, chakula, na fidia ya siku ambayo mpiga picha asingeweza kupokea kazi nyingine.

Familia ikiwa na nyumba ya wageni au nafasi kwenye gari la kamati, iseme mapema, kisha malazi au nauli iondolewe kwenye bili. Punguzo hilo linawezekana tu pale gharama hizo zimeandikwa kila moja kwenye mstari wake, tena kabla kianzio hakijalipwa.