Barua ya Mzigo Uliopungua

Katika somo lililopita tuliandika barua ya kuagiza mali. Wengi wenu mliiandika vizuri, ingawa baadhi walisahau tarehe. Leo mali ile imefika, lakini haikutimia. Tutajifunza kumwandikia aliyetuuzia, kumwambia tumepokea nini, kimepungua nini, na tunataka afanye nini. Msianze kuandika sasa. Wekeni kalamu chini, msikilize kwanza habari yenyewe.

Tumfikirie mwenye duka mmoja katika mji wa Korogwe. Tarehe 6 Mei 2024 aliagiza mali kwa muuzaji wa jumla aliyeko Dar es Salaam. Aliagiza katoni 20 za sabuni ya kipande, kila katoni Sh. 24,000, madumu 12 ya mafuta ya kula, yale ya lita ishirini, kila dumu Sh. 90,000, na mafungu 15 ya madaftari, kila fungu Sh. 16,000. Ukizidisha na kujumlisha, sabuni ni Sh. 480,000, mafuta ni Sh. 1,080,000, na madaftari ni Sh. 240,000. Jumla ni Sh. 1,800,000. Walipatana kwamba atalipa baada ya siku thelathini.

Lori lilifika tarehe 13 Mei, saa kumi jioni. Dereva alikuwa na haraka, maana alitaka kufika Moshi usiku ule ule. Alimpa mwenye duka karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao, nasi tukae hapa kidogo.

Karatasi ile ya dereva ni hati ya mizigo, ambayo watu wa dukani huiita dilivari. Ukitia sahihi yako chini yake bila neno lingine, umesema kwamba vyote vilivyoandikwa juu yake umevipokea. Kesho ukiandika barua kwamba sabuni zimepungua, muuzaji atatoa karatasi ile na kukuuliza, "Je, sahihi hii si yako?" Kwa hiyo hesabu kwanza, sahihi baadaye. Dereva akinung'unika, mpe kiti na maji ya kunywa, uendelee kuhesabu.

Mwenye duka wetu alihesabu. Madaftari yalitimia, mafungu 15. Katoni za sabuni zilikuwa 17, hali hati ya dereva inasema 20. Tena aliona katoni moja utepe wake umebanduliwa na kubandikwa upya. Aliifungua mbele ya dereva. Katoni huwa na vipande 24, lakini ndani yake mlikuwa na vipande 18. Basi akaandika kwa kalamu ya wino juu ya hati, karibu na neno sabuni: "Zimepokelewa katoni 17 tu. Katoni moja kati ya hizo ilikuwa imefunguliwa, imepungua vipande 6." Akaandika maneno hayo hayo katika nakala ya dereva na katika nakala yake mwenyewe, akatia sahihi, na dereva akatia sahihi yake pia.

Kuna watu huandika tu, "Imepokelewa bila kuhesabiwa." Ni afadhali kuliko kukaa kimya, lakini haitoshi, kwa sababu haisemi kilichopungua ni nini. Mimi nilipokuwa karani wa stoo niliandika hivyo siku moja ya mvua. Katoni mbili za maziwa ya unga zilikatwa katika mshahara wangu, wala sikuwa na neno la kujibu.

Sasa mafuta. Madumu yaliyoshuka yalikuwa 10. Mwenye duka alitaka kuandika upungufu wa mawili, lakini alipoitazama hati ya dereva aliona nayo inasema 10. Akaitafuta ankra, yaani karatasi ya kudai bei, akaona inadai madumu 12. Mnaona tofauti? Sabuni zilihesabiwa 20 kule stoo Dar es Salaam, zikafika 17: ama mpakiaji alikosea hesabu, ama zimepotea njiani. Mafuta hayakupakiwa kamwe. Stoo walikuwa na madumu 10, wakaandika 10 katika hati ya mizigo, lakini karani wa ofisini aliandika ankra kwa kufuata barua ya kuagiza. Dereva hana kosa juu ya mafuta, naye asiandikiwe neno.

Kwa hiyo tazama karatasi tatu pamoja: barua yako ya kuagiza, hati ya mizigo, na ankra. Upungufu ulioko kati ya hati na mali yenyewe ni jambo la stoo na lori. Upungufu ulioko kati ya hati na ankra ni jambo la karani. Ukimwambia muuzaji hivyo, atajua mahali pa kuanza kutafuta, nawe utajibiwa upesi.

Tufanye hesabu. Katoni 3 za sabuni ni Sh. 72,000. Vipande 6 ni robo ya katoni, yaani Sh. 6,000. Upungufu wa sabuni ni Sh. 78,000. Madumu 2 ya mafuta ni Sh. 180,000. Jumla ya upungufu wote ni Sh. 258,000.

Kabla ya kuandika, mwenye duka ajiulize: nataka mali iliyobaki, au nataka kupunguziwa deni? Aamue moja kwa kila kitu. Asiandike, "Nileteeni au mnipunguzie, kama mpendavyo." Akiandika hivyo, huenda stoo ikatuma sabuni na ofisi ikapunguza deni, kisha miezi miwili baadaye wakagundua na kumdai tena, hesabu zikavurugika. Mwenye duka wetu aliamua hivi: mafuta anayataka, kwa kuwa wateja wake wanayangoja. Sabuni hazitaki, maana jirani yake anauza sabuni za jumla, na kungoja katoni tatu kutoka Dar es Salaam hakumfai.

Liko neno la sheria hapa. Sheria za kuuza bidhaa za Tanzania Bara na Kenya zilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, nazo zasema kwamba muuzaji akileta pungufu ya mlivyopatana, mnunuzi aweza kuikataa mali yote. Lakini akiikubali ile iliyofika, ni lazima ailipie kwa bei waliyopatana. Tena mnunuzi halazimishwi kupokea mali kwa mafungu, kidogo leo na kidogo kesho, isipokuwa amekubali. Ndiyo sababu barua yetu itasema wazi kwamba tumeikubali mali iliyofika, na itataja siku ya mwisho ya kupokea mafuta. Usipotaja siku, waweza kuletewa madumu mawili baada ya miezi mitatu, wakati bei imeshuka.

Haya, shikeni kalamu. Nitaisoma barua polepole, na baada ya kila sentensi nitanyamaza kidogo.

Duka la Rejareja,
Korogwe.
14 Mei 2024.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Bwana,

Mzigo pungufu: Ankra namba 418, hati ya mizigo namba 902

Tumepokea mzigo wenu jana, tarehe 13 Mei 2024, na tunaikubali mali iliyofika. Madaftari mafungu 15 yametimia. Vitu vifuatavyo vimepungua.

Sabuni: hati yenu inasema katoni 20. Tulipokea 17, na katika moja ya hizo vipande 6 havikuwamo. Dereva aliona na kutia sahihi. Thamani yake ni Sh. 78,000.

Mafuta: ankra inadai madumu 12. Hati yenu inasema 10, nasi tulipokea 10. Thamani ya madumu 2 ni Sh. 180,000.

Tafadhali tuleteeni madumu 2 ya mafuta, kwa nauli yenu, yatufikie kabla ya tarehe 28 Mei 2024. Yasipofika kwa siku hiyo, msiyatume, bali tupunguzieni Sh. 180,000. Sabuni zilizopungua msizilete. Tupeni hati ya kupunguza deni ya Sh. 78,000 juu ya ankra namba 418.

Tumeambatisha nakala ya hati ya mizigo yenye sahihi ya dereva.

Wako,
Mwenye duka.

Mwisho wa barua. Angalieni kwamba haina tusi wala neno la kumshuku mtu wizi. Hatujui kama sabuni zimeibiwa. Tunajua hazikufika, basi tuseme hilo tu. Angalieni pia kwamba barua imeandikwa kesho yake. Wauzaji wengi huandika nyuma ya ankra, kwa herufi ndogo, kwamba malalamiko yaletwe kabla ya siku tatu au saba. Someni herufi hizo. Siku hizi waweza kupiga simu mara mali ifikapo, au kupiga picha ya hati na kuituma kwa simu, na ni vizuri kufanya hivyo. Lakini barua iandikwe pia, na nakala yake ikae dukani.

Ile hati ya kupunguza deni, makarani huiita krediti noti. Ikifika, itazameni. Iwe na namba ya ankra yenu, 418, iseme ni sabuni ngapi, na iseme Sh. 78,000. Ikiwa ankra ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani juu ya bei, basi kodi ya vitu vilivyopungua nayo ipunguzwe. Ahadi ya mdomo, "Tutakufikiria mzigo ujao," si hati.

Na siku ya kulipa? Mafuta yakiwa yamefika, mwenye duka atalipa Sh. 1,800,000 kutoa Sh. 78,000, yaani Sh. 1,722,000. Yasipofika, atalipa Sh. 1,542,000. Asizuie malipo yote kwa sababu ya upungufu, maana mali aliyoikubali ni deni lake.

Zoezi la nyumbani. Uliagiza maboksi 10 ya chumvi, kila boksi Sh. 9,000. Ankra inasema 10, hati ya mizigo inasema 10, yamefika 8. Chumvi unaihitaji wiki hii. Andika barua kwa muuzaji, isiyozidi mistari kumi na miwili, na uandike pia maneno ambayo ungeyaandika juu ya hati ya dereva. Majibu tutayasahihisha pamoja katika somo lijalo, saa hii hii.