Msitu wa Nguzo: Jinsi Misikiti ya Kale Ilivyoongezwa Bila Kubomolewa

Boriti ya mti ina kikomo chake. Ukiilaza juu ya kuta mbili zilizoachana mno, itapinda katikati kwa uzito wa dari, na mwishowe itavunjika. Kwa hiyo fundi anayetaka kuezeka ukumbi wa watu elfu moja, naye hana ujuzi wa kujenga kuba kubwa, hana budi kusimamisha nguzo ndani, kila baada ya mita chache, safu hadi safu. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa aina ya msikiti iliyoenea kuliko zote katika karne za mwanzo za Uislamu: ukumbi wa nguzo.

Msikiti wa namna hii una sehemu tatu. Mbele kabisa kuna ukuta wa kibla, wenye mihrabu inayoonyesha upande wa Makka. Nyuma ya ukuta huo ndipo penye ukumbi wenyewe, ulioezekwa na kubebwa na nguzo zinazofanana. Nyuma ya ukumbi kuna ua usio na paa, mara nyingi wenye mahali pa kutawadhia, ambao hupokea watu siku ya Ijumaa ukumbi unapojaa.

Chimbuko lake liko Madina. Mwaka 622 Mtume Muhammad na masahaba walizungushia uwanja ukuta wa matofali ya udongo, na upande wa kusalia wakauwekea kivuli: magogo ya mitende yakawa nguzo, makuti yakawa paa. Kibla kilipohamishwa kutoka Yerusalemu kwenda Makka, kiasi cha mwaka mmoja na nusu baadaye, waumini waligeuka kutoka kaskazini na kuelekea kusini, na jengo halikuhitaji kuvunjwa. Kivuli kiliwekwa upande wa pili, mambo yakaendelea.

Wepesi huo ndio siri ya mpango huu. Nguzo nne na kipande cha paa juu yake ni kipimo kimoja, na kipimo hicho unaweza kukirudia kadiri utakavyo. Mji ukikua, unaongeza safu. Ila kuna swali ambalo kila mtawala mwenye nia ya kupanua msikiti alipaswa kulijibu: aongeze upande gani? Akienda mbele, itabidi avunje ukuta wa kibla na kujenga mihrabu mpya. Akienda ubavuni, mihrabu itabaki pembeni. Akirudi nyuma, atakula ua.

Hakuna mahali ambapo majibu hayo yanasomeka vizuri kama Kordoba, nchini Hispania. Abdurahman wa Kwanza alianza kujenga msikiti huo karibu na mwaka 785. Nguzo zake aliziokota katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, ndiyo maana hazifanani rangi wala vichwa. Tena zilikuwa fupi. Dari ikilazwa moja kwa moja juu ya nguzo za kimo kile, ukumbi mpana kiasi hicho huwa wa giza na wenye kubana pumzi. Mafundi wakasimamisha mhimili wa mawe juu ya kila nguzo, kisha wakafunga mihimili hiyo kwa matao ya ghorofa mbili: tao la chini linazuia mihimili isiyumbe, tao la juu linabeba paa. Yote yalijengwa kwa kupishanisha jiwe jeupe na matofali mekundu.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa na njia 11 baina ya safu za nguzo, zote zikielekea ukuta wa kibla. Abdurahman wa Pili, katika karne ya 9, alivunja ukuta huo na kuzirefusha njia upande wa kusini. Al-Hakam wa Pili akafanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 962, akajenga mihrabu iliyopambwa kwa vipande vya kioo na dhahabu na fundi aliyetoka Bizanti. Lakini ukumbi ulikuwa umerefuka mno, na mwanga wa uani haukufika tena mbele. Hivyo, mbele ya mihrabu aliweka makuba madogo yenye madirisha ili nuru iingie kutoka juu.

Mwaka 987 ilikuwa zamu ya Al-Mansur, waziri aliyeshika hatamu za dola. Kusini mto Wadi al-Kabir ulikuwa umekaribia. Magharibi palikuwa na kasri. Ikabaki mashariki. Akaongeza njia nane ubavuni, zikawa 19, na ua nao ukapanuliwa. Mihrabu ya Al-Hakam haikuguswa, kwa hiyo hadi leo haipo katikati ya ukuta. Atembeleaye jengo hilo, ambalo ni kanisa kuu tangu mwaka 1236, anaweza kuitambua sehemu ya Al-Mansur kwa kutazama juu: wekundu wa matao yake mengi si wa matofali, ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kirahisi. Tao halikai kimya kama boriti. Husukuma kwa pembeni. Safu ndefu za matao zilizoelekea uani zilikuwa zikiusukuma ukuta wa upande huo, hadi ukainama. Mwaka 958 Abdurahman wa Tatu alilazimika kujenga ukuta wa pili mbele yake ili kuutegemeza.

Katika pwani yetu, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijibu swali lilelile kwa namna yake. Ukumbi wake wa kwanza, wa karne ya 11 au ya 12, ulikuwa mdogo, wenye nguzo za mti na dari bapa ya boriti. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliamua kuupanua. Kutoka Kilwa kibla kiko kaskazini, na upanuzi ulifanywa kuelekea kusini, mihrabu ikabaki ilipo. Sehemu mpya haikuezekwa kwa boriti, bali kwa makuba madogo na dari za mviringo za mawe na chokaa. Nguzo zake za awali, zilizochongwa kwa matumbawe, hazikuhimili, jengo likaporomoka. Katika karne ya 15 lilijengwa upya kwa nguzo imara za pembe nane, na nyingi zingali zimesimama.

Kilwa, basi, ilibadilisha paa na kuacha mpango. Msikiti Mkuu wa Bursa, uliojengwa na Waothmani miaka ya mwisho ya karne ya 14, ulifanya hivyo kwa ukubwa zaidi: makuba 20 yaliyo sawa, na ua ukapungua hata ukawa hodhi moja ndani ya ukumbi, chini ya kuba iliyoachwa wazi.

Hatua iliyofuata ilizing'oa nguzo zenyewe. Nguzo hukata safu za wanaosali na kumficha imamu, na wapo wanazuoni wanaochukia kusaliwa baina yake pasipo msongamano. Katika msikiti wa Selimiye, Edirne, uliokamilika miaka ya 1570, msanifu Sinan aliezeka ukumbi kwa kuba moja yenye upana wa mita 31 hivi, akaisimamisha juu ya nguzo nane nene zilizosogezwa kandokando. Kila anayesali anaiona mihrabu. Lakini kilichopatikana kwa kuba kimelipiwa: jengo limekamilika moja kwa moja. Idadi ya waumini wa Edirne ikiongezeka maradufu, hakuna ukuta wa Sinan unaoweza kusogezwa, kwa maana mpango wote umefungwa na kuba pamoja na nguzo zinazoibeba. Watajenga msikiti wa pili.